Kuchagua nukuu iwe jina la kitabu cha maisha yako, na kujua kama haijachosha masikio ya watu

Miswada mingi ya kumbukumbu inayofika mezani kwa wahariri hapa Dar es Salaam huja ikiwa na jina tayari, na mara nyingi jina hilo ni methali. "Mvumilivu Hula Mbivu." "Baada ya Dhiki Faraja." "Penye Nia Pana Njia." Mwandishi ameishi na maneno hayo miaka mingi, yamembeba kwenye misiba na kwenye madeni, kwa hiyo anayaona ni yake. Msomaji naye ameyasikia tangu shule ya msingi, ameyaandikia insha, ameyaona nyuma ya basi. Anapoyakuta kwenye jalada hasomi tena, macho yanapita tu.

Nukuu bado ni njia nzuri ya kukipa jina kitabu cha maisha. Ina sauti ya mtu ndani yake, jambo ambalo majina kama "Safari ya Maisha Yangu" hayana. Kazi iko kwenye kuitafuta na kuikagua. Nitaonyesha kwa mswada mmoja niliouhariri, wa mzee wa Buguruni aliyeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Zambia kupitia Tunduma mpaka alipostaafu. Aliandika kwa mkono kwenye madaftari makubwa, binti yake akachapa. Jina alilokuja nalo lilikuwa "Kupotea Njia Ndiko Kujua Njia".

Hatua ya kwanza: itafute nukuu ndani ya mswada wenyewe

Kabla ya kufungua kitabu cha methali au mtandao, soma mswada wako wote ukiwa na kalamu ya rangi. Pigia mstari kila mahali ambapo mtu anasema jambo kwa mdomo wake: mama, mwalimu, bosi, abiria, jirani, askari wa zamu. Usiangalie kama maneno ni mazuri. Angalia kama kuna kitu kilibadilika baada ya kusemwa. Nukuu inayofaa kuwa jina la kitabu huwa ina tukio lililoishika, na tukio hilo limo ndani ya kitabu. Msomaji akifika ukurasa huo anaelewa kwa nini jalada linasema hivyo.

Methali iliyobandikwa kutoka nje haina ukurasa kama huo. Nilimuuliza mzee, "Haya maneno ya kupotea njia, yako sura ya ngapi?" Akafikiri, akasema hayapo, ila "yanafaa kitabu kizima." Jibu hilo nimelisikia kwa waandishi wengi, na ni dalili ya kuaminika kwamba jina limetoka nje. Maneno yanayofaa kitabu kizima kwa kawaida yanafaa pia kitabu cha mtu mwingine yeyote.

Mfano wa jina lililotoka mdomoni mwa watu ni kitabu cha hayati Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka mwaka 2021: "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu". Sehemu ya pili ingeweza kukaa kwenye kitabu cha mtu yeyote. Sehemu ya kwanza ni yake peke yake, kwa sababu ndivyo wananchi walivyomwita enzi za uongozi wake, biashara zilipofunguliwa na bidhaa zikarudi madukani. Maneno waliyokuita au waliyokuambia wengine mara nyingi yana nguvu kuliko uliyojichagulia mwenyewe.

Katika madaftari ya mzee tulipata nukuu chache za kuaminika. Iliyong'ara ilikuwa kwenye sura ya ujana wake, alipokuwa utingo. Wanarudi kutoka Zambia na shaba, wamefika juu ya Mlima Kitonga, na dereva mkubwa anasimamisha lori kabla ya kuanza kuteremka. Anamwambia: "Mlima unashuka kwa gia uliyopandia." Kisha anamweleza kwa nini. Ukiteremka kwa gia nyepesi, lori linakimbia, mguu unakaa kwenye breki muda wote, breki zinapata moto, na zikishapata moto zinaacha kushika. Gia nzito inaifanya injini ilizuie lori, na breki zinabaki kwa ajili ya dharura. Kurasa nne mbele, mzee anasimulia lori la wenzao lililoshindwa kufanya hivyo.

Sikumwambia chochote wakati huo. Tuliziandika zote mbili, methali na maneno ya dereva, tukazipeleka kwenye ukaguzi.

Hatua ya pili: pata maneno sahihi, na ujue mwenye maneno ni nani

Huwezi kukagua nukuu usiyoijua ilivyo. Kwa methali, tafuta maandishi yake kwenye makusanyo ya kuaminika, si kwenye picha za mtandaoni. Methali moja huwa na sura kadhaa zinazokubalika. Mtaka cha mvunguni "sharti ainame" na pia "huinama". Ile ya mzee nimeiona ikiandikwa kwa "ndiko", kwa "ndio" na kwa "ndiyo". Ziandike zote, kwa sababu hatua inayofuata itazihitaji.

Kisha uliza mwenye maneno ni nani. Methali haina mwenyewe, lakini kuna maneno tunayoyachukulia kama methali kumbe yana mshairi. "Dunia mti mkavu" wengi huitumia kama usemi wa mitaani. Ni mwanzo wa shairi la Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, na Said Ahmed Mohamed aliyatumia maneno hayo kuwa jina la riwaya yake. Mtu akiyaweka leo kwenye jalada la kumbukumbu zake, msomaji wa fasihi atafikiri riwaya kwanza. Huo ni mzigo ambao kitabu kipya hakiuhitaji.

Maneno ya viongozi yana hatari yake. Picha zenye uso wa Mwalimu Nyerere na sentensi chini yake ni nyingi kuliko hotuba zake. Kanuni ninayoifuata ni rahisi: kama huwezi kutaja hotuba au kitabu, na mwaka, maneno hayo hayaendi kwenye jalada. Na hata yale yenye ushahidi, kama yale ya mwaka 1959 kuhusu kuwasha mwenge na kuleta tumaini pale ambapo hakuna matumaini, yamesomwa kwenye sherehe nyingi mno kiasi kwamba hayawezi kumtambulisha mtu mmoja.

Aya za vitabu vitakatifu: taja tafsiri. "Nitayainua macho yangu niitazame milima" ni Zaburi ya 121 katika Biblia ya Union Version, na tafsiri nyingine zinasema kwa namna nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa tafsiri za Kurani. Ukichanganya tafsiri mbili kwenye jina moja, waumini watakuwa wa kwanza kukugundua.

Upande wa haki si mgumu sana. Jina la kitabu peke yake kwa kawaida halilindwi na hakimiliki, ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kuwa na jina moja bila mtu kushtakiwa. Mstari wa wimbo au wa shairi ni jambo jingine, kwa sababu ni kipande cha kazi ya mtu. Tanzania, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi hulindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo hapa nchini muda huo umekwisha, ingawa kwenye nchi zinazohesabu miaka 70 bado haujafika. Mstari wa msanii aliye hai uombee ruhusa kwa maandishi, na ukikwama waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kama hutaki shughuli hiyo, chagua nukuu nyingine mapema, kabla hujaipenda kupita kiasi.

Hatua ya tatu: kagua mtandaoni, lakini soma matokeo badala ya kuyahesabu

Hapa ndipo watu wengi wanaishia, na ndipo wanapodanganyika. Wanaandika methali bila alama za nukuu, wanaona matokeo mengi, wanaogopa. Au wanaandika umbo moja tu, wanaona machache, wanafurahi. Weka alama za nukuu ili mtambo utafute maneno yakiwa yamefuatana hivyohivyo, na utafute kila umbo peke yake. Kwa jina la mzee tuliandika hivi, mstari mmoja kwa wakati:

```
"kupotea njia ndiko kujua njia"
"kupotea njia ndio kujua njia"
"kupotea njia ndiyo kujua njia"
intitle:"kupotea njia"
"kupotea njia" kitabu -methali
```

Mstari wa nne unaleta kurasa zenye maneno hayo kwenye kichwa chake, na huo ndio wenye faida kuliko yote, kwa sababu unatafuta watu waliofanya hasa unachotaka kufanya wewe. Wa mwisho unaondoa kurasa zenye neno "methali", yaani orodha ndefu za methali ambazo hazikuambii chochote kuhusu majina ya vitabu. Alama ya kutoa igusane na neno linalofuata bila nafasi.

Idadi ya matokeo inayotajwa na Google ni makadirio tu, na hubadilika ukitafuta tena. Iache. Soma kurasa mbili tatu za mwanzo, na pembeni ya kila tokeo andika ni la aina gani. Orodha ya methali au kamusi haihesabiki. Insha ya shule inahesabika kidogo, kwa sababu inaonyesha kwamba vijana watalinusa jina lako kama mtihani. Mahubiri, makala ya gazeti na wimbo vinahesabika zaidi. Kitabu kinahesabika sana, na kumbukumbu za maisha za mtu mwingine zinatosha kulifuta jina.

Methali ya mzee ilijaa insha, makala za kuwatia moyo waliofeli na mafundisho ya ndoa. Kilichonifanya nisite ni kwamba karibu kila mahali ilibeba maana moja: usikate tamaa ukikosea. Kitabu cha mzee hakihusu kukata tamaa. Ni kitabu cha barabara, mizigo, mipaka na watu wa vituo vya malori. Jina lingemwahidi msomaji kitabu kingine.

Kama nukuu yako ina ng', kuna mtego mmoja mdogo wa kukumbuka. Kipengele hicho kinaandikwa kwa alama iliyonyooka (') au iliyopinda (’), na kuna walioandika bila alama kabisa. "Ng'ombe wa maskini hazai" iliyoandikwa kwa alama moja huenda isilete iliyoandikwa kwa nyingine, hasa kwenye katalogi za zamani za maktaba. Tafuta kwa sehemu isiyo na ng': "wa maskini hazai". Tafuta pia kwa "masikini", maana wengine huandika hivyo.

Hatua ya nne: vitabu ambavyo mtandao hauvijui

Anza na katalogi kubwa. Kwenye WorldCat (search.worldcat.org) unaweza kutafuta kwa jina la kitabu peke yake. Katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani (catalog.loc.gov) inaweza kukushangaza kwa vitabu vya kwetu, na kuna sababu: maktaba hiyo ina ofisi Nairobi inayonunua machapisho ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, yakiwemo ya Tanzania. Mara nyingine kitabu kidogo cha Kiswahili ambacho hakipo kwenye duka lolote mtandaoni kinaonekana pale, kikiwa na mwaka na mji wa uchapaji. Google Books nayo inafaa kwa vitabu vya zamani.

Lakini kumbukumbu za maisha ni aina ya kitabu inayotoroka katalogi kuliko nyingine. Mtu anaandika, anapeleka kiwanda cha uchapaji, anachapisha nakala mia kadhaa, anazindua ukumbini, nakala zinaishia kwa ndugu, waumini wenzake na wafanyakazi wenzake wa zamani. Hakuna ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hakuna tangazo. Kwa hiyo lazima utoke nyumbani.

Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wachapishaji wanatakiwa kisheria kuwasilisha nakala huko, na ingawa si wote wanaotimiza, mkusanyo wa vitabu vya Tanzania wa pale ni mpana. Mwombe mkutubi akuonyeshe sehemu ya wasifu na tawasifu, kisha usitafute jina lako tu. Simama mbele ya rafu usome migongo yote. Dakika kumi za kusoma migongo zitakufundisha maneno gani yanarudiwarudiwa katika vitabu vya aina yako: safari, milima na mabonde, jasho, machozi, mapito. Ukiweza, fika pia sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiulizia kwanza utaratibu wa wasomaji wa nje.

Kisha pita kwa wauza vitabu. Duka la TPH pale Mtaa wa Samora, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga kando ya barabara mjini, wana kumbukumbu ambayo kompyuta haina. Usiulize, "Je, jina hili limetumika?" Swali hilo litakupa jibu la adabu. Uliza kama mnunuzi: "Una kile kitabu cha Kupotea Njia?" Muuzaji akisema "Kilikuwepo, kimeisha," umepata habari, japokuwa lazima umuulize kilikuwa cha nani na kinahusu nini, kwa sababu anaweza kuwa anafikiria kingine. Akikunja uso na kuuliza "Cha nani hicho?", hiyo pia ni habari.

Hatua ya tano: nyimbo, kanga na redio

Kwa msomaji wa Kiswahili, maneno hayachakai kwenye vitabu. Yanachakaa kwenye taarabu, Bongo Fleva, nyimbo za injili, filamu, kanga na vipindi vya redio. Ukaguzi unaoishia kwenye katalogi za vitabu umekagua mahali ambapo tatizo halipo.

Kwenye YouTube na Boomplay andika nukuu yako nzima, kisha nusu ya kwanza peke yake. Wasanii hupenda kuikata methali. Wimbo ukiwepo, sikiliza angalau kiitikio ujue unahusu nini. Wimbo wa mapenzi wenye jina sawa na kitabu cha mjane kuhusu kulea watoto unaweza kumletea taabu siku ya uzinduzi. Redio nayo isisahaulike: "Haba na Haba" ni maneno mazuri, lakini yamekuwa jina la kipindi cha redio cha BBC Media Action hapa Tanzania, na ni jina linalopendwa na vikundi vya kuweka na kukopa.

Kanga zinahitaji safari ya Mtaa wa Uhuru. Muulize muuzaji kama ana kanga yenye maneno hayo, na kama hana, muulize mtu anayeivaa anamaanisha nini. Swali la pili ndilo lenye thamani. Maneno yaleyale ambayo kwenye kitabu cha methali ni mawaidha, kwenye kanga yanaweza kuwa kijembe kwa mke mwenza au jirani. Mwanamke anayeandika kumbukumbu zake hapa mjini asipolijua hilo, nusu ya wasomaji wake watafungua kitabu wakitafuta anayesemwa.

Malizia kwa kujaribu masikio ya watu. Litaje jina kwa watu kadhaa wa rika tofauti, bila kusema ni kitabu, kisha uulize: "Umefikiria nini?" Tulipofanya hivyo na jina la mzee, vijana waliimalizia methali kabla hatujafika mwisho. Mtu akimaliza sentensi yako kwa niaba yako, hana sababu ya kufungua kitabu. Kwa "gia uliyopandia" walikaa kimya, mmoja akauliza, "Gia ya nini?" Dereva mmoja wa daladala yeye alicheka na kusema hiyo ni kanuni ya milimani. Huyo alithibitisha jambo tulilolihitaji: maneno ni ya kweli kwa wenye fani, na ni mapya kwa wengine.

Hatua ya sita: ukikuta imetumika

Kutumika si kuchakaa. Jiulize mambo matatu tu. Waliolitumia ni wa aina moja ya kitabu na wewe? Wanajulikana na wasomaji wako? Maana waliyoipa ni ileile yako? Ukijibu ndiyo mara mbili, liache. Kitabu cha mashairi kilichochapwa Mombasa zamani sana hakikuzuii. Kumbukumbu za mchungaji wa Mbagala zilizozinduliwa mwaka juzi zinakuzuia, hata kama mtandao hauzijui.

Kabla ya kuliacha kabisa, jaribu nusu. Methali zetu nyingi zina sehemu mbili, na waandishi wamezoea kuchukua ya kwanza. Riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996 iliitwa "Siku Njema" tu, na msomaji akajimalizia. Sehemu ya pili kwa kawaida haijaguswa. Tulimjaribia mzee "Ndiko Kujua Njia". Lina mvuto, na kwenye utafutaji wa majina halikuleta kitabu. Lakini lilirudi na tatizo la hatua ya kwanza: halikuwa na ukurasa ndani ya mswada.

Maneno ya dereva wa Kitonga tuliyakagua kwa njia ileile, tukitafuta "gia uliyopandia", "gia uliopandia" kwa sababu wengi huandika hivyo, na "shuka kwa gia". Yaliyotokea yalikuwa mazungumzo ya madereva na mafunzo ya udereva, hakuna kitabu wala wimbo. Mzee mwenyewe alisita kwanza, akaona ni maneno ya kazi tu. "Watu watafikiri ni kitabu cha ufundi," alisema, na alikuwa na haki ya kuogopa. Hofu hiyo huondolewa na jina dogo la chini, ambalo kazi yake ni kusema wazi kitabu ni cha nini. Tukaandika: "Gia Uliyopandia: Kumbukumbu za Dereva wa Lori, Dar es Salaam hadi Tunduma". Jina dogo lisiwe nukuu nyingine. Liwe na kazi, mahali au miaka, maana hayo ndiyo anayotafuta mtu kwenye simu yake.

Kwa makala fupi, ukaguzi unapungua lakini jina dogo linakuwa muhimu zaidi. Makala yenye kichwa cha methali tupu itazama katikati ya orodha za methali na hakuna atakayeiona. Ongeza mbele au nyuma ya nukuu neno moja la mahali au la kitu, kama vile "Kitonga", "mashine ya kusaga" au "wodi ya wazazi". Kwa makala usijisumbue kukagua vitabu na nyimbo, kwa kuwa maisha ya makala ni mafupi. Tafuta kwa intitle, soma ukurasa wa kwanza wa matokeo, inatosha.

Kabla ya kwenda kuchapa

Fanya ukaguzi huu wote kabla ya kuomba ISBN. Namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kwenye maombi unaandika jina la kitabu. Ukibadilisha jina baadaye inabidi urudi kurekebisha kumbukumbu, na kama jalada limeshapigwa, unalipa upya. Jina likishapita, andika kwenye karatasi maumbo uliyoyatafuta, mahali ulipotafuta na tarehe. Rudia hatua ya tatu na ya tano wiki ya mwisho kabla ya kupeleka kiwandani, kwa sababu wimbo mpya unaweza kutoka wakati mswada ukiwa kwa msahihishaji.

Kwenye jalada lenyewe, nukuu haihitaji alama za kufungia wala nukta. Mwenye maneno mtaje ndani, kwenye ukurasa wa peke yake kabla ya sura ya kwanza, sentensi ikiwa kamili kama ilivyosemwa. Kwa mzee wetu ukurasa huo unasema: "Mlima unashuka kwa gia uliyopandia", na chini yake, "dereva wangu wa kwanza, juu ya Kitonga". Jina la dereva huyo aliliacha, kwa sababu familia yake haikupatikana ili iombwe idhini.